Komiti na tangazo la toleo: uandike :bug: au ubandike 🐛 yenyewe?

fundi_nyuzi
Wakuu nisaidieni kuchagua. Kwenye timu tumekubaliana kila komiti ianze na kaalama kake, ukirekebisha bagi unaweka mdudu, kitu kipya unaweka vinyota, sasa tumegawanyika, wengine wanaandika `:bug:` wengine wanabandika 🐛 moja kwa moja, na kwenye GitHub zote zinatoka mdudu yuleyule. Sasa juzi nimeandaa tangazo la toleo jipya kwenye chati ya kazini, nikakopi nikapesti kwenye repo, `:tada:` ikageuka 🎉 safi kabisa ila bendera ya Brazili (tulikuwa tumeongeza Kireno cha kule) ikabaki `:flag-br:` katikati ya sentensi na tangazo limeshatoka. Nifuate njia gani?

kibonge_wa_seva
Andikeni majina. Emoji yenyewe ni nzito mno itajaza repo. Na hayo majina ni ya Unicode, yako sawa kila mahali, wewe utakuwa ulikosea herufi tu.

bi_regex
Kibonge hapo kwenye majina niko na wewe ila sababu zako sio. Unicode wana jina lao, 🎉 kwao ni PARTY POPPER, U+1F389, hiyo "tada" haimo humo. Kila programu ina orodha yake, ikikuta neno limebanwa na nukta mbili huku na huku inalitafuta kwenye orodha, likiwepo inaweka picha, lisipokuwepo inaliacha hivyohivyo wala haikuambii kuna kosa. Fundi hukukosea herufi, angalia bendera hiyohiyo moja:

```
GitHub    :brazil:
Slack     :flag-br:
Discord   :flag_br:
```

Kistari cha kati na cha chini tu hapo, basi inatosha kukuaibisha. Na uzito, `:bug:` ni baiti 5, 🐛 kwenye UTF-8 ni 4, kwa hiyo jina ndo zito!

Cha kuangalia zaidi ni inageuzwa saa ngapi. Discord inageuza unapotuma, kwa hiyo kinachohifadhiwa ni emoji yenyewe. Slack inahifadhi jina, ndo maana ukikopi unaondoka na jina. Git yenyewe haina habari na emoji, inatunza ulichoandika, GitHub ndo wanageuza wakati wa kukuonyesha ukurasa. Fungua terminali uone:

```
$ git log --oneline
a41c9d2 :bug: rekebisha tarehe ya ripoti
```

mama_pikseli
Hata mimi inanikera, nikiandika :) inageuka sura ya njano bila kuniuliza, mnazimaje hii?

bi_regex
Dada hiyo ni nyingine, hiyo ni alama za uso, mara nyingi ina swichi yake kwenye setingi za chati. Hapa tunaongelea majina.

kobe_wa_jioni
Mi niwape yangu. Tulikuwa tunabandika emoji zenyewe, halafu kuna mfumo wa tiketi unasoma komiti zetu na kuziweka kwenye databesi. Komiti za ✨ zinapita, za 🐛 zinagoma, `Incorrect string value`, tumezunguka siku mbili tunalaumu mtandao. Kumbe databesi ni MySQL na jedwali liko kwenye `utf8` ya zamani inayoishia baiti 3 kwa herufi, ✨ ni baiti 3 kamili inaponea chupuchupu, 🐛 ni 4. Dawa ni `utf8mb4`, ila mfumo sio wetu, basi tukarudi kwenye majina.

bi_regex
Mfano mzuri huo Kobe. Mimi kwa komiti naandika jina, na kutafuta ni rahisi, `git log --grep=':bug:'` unaipiga kwa kibodi yoyote. Kwa tangazo litakalozunguka sehemu nyingi nabandika emoji yenyewe. Isipokuwa `:shipit:`, yule kindi wa GitHub, huyo hayumo kabisa kwenye Unicode, ni picha yao tu, ukimpeleka kwingine anabaki neno.

fundi_nyuzi
Nimefanya hivyo, nimebandika 🇧🇷 yenyewe kwenye ukurasa wetu wa mabadiliko. Mwenzangu wa Windows ananiambia anaona herufi BR tu, na anatumia Chrome. Nifanyeje tena jamani?

bi_regex
Eeh, bendera ni herufi mbili maalumu, B na R, fonti ndo inaziunganisha ziwe bendera, na fonti ya emoji ya Windows haichori bendera za nchi. Firefox inabeba fonti yake, mwambie aijaribu. Ila wasomaji wako wote huwezi kuwabadilishia brauza, hapo sina jibu zuri zaidi ya kuweka faili la picha.

kibonge_wa_seva
Au aandike "Brazili".

mama_pikseli
Swichi nimeiona. Ila sasa hata `:tada:` haigeuki 😩