Nimejumlisha mkia, AUC ikavuka jibu. Nakosea wapi?

Msomaji_Iyunga (Mbeya):
Wakuu, shikamooni na habari za muda huu. Nina zoezi la jentamaisini, sindano ya mshipa ya mara moja, miligramu 240. Kiwango kwenye damu mwanzoni ni miligramu 16 kwa lita. Baada ya saa 2 ni 8, baada ya saa 4 ni 4, saa 6 ni 2, saa 8 ni 1. Nimekata trapeza nne: 24 + 12 + 6 + 3 = 45. Jibu la mwalimu kwa intigrali, yaani AUC, eneo chini ya mkunjo wa dawa kwenye damu, ni 46.2. Nikasema hapo kilichopungua ni mkia wa baada ya saa 8, nikaujumlisha, 2.9, nikafika 47.9. Badala ya kukaribia nimevuka. Mkia nimeukosea?

Kalkuleta_Mafinga:
Achana na trapeza, dogo. Dawa inashuka kwa eksponenti moja safi, kwa hiyo AUC = C0/k. Nusu-uhai ni saa 2, k = 0.693/2 = 0.3466 kwa saa, na 16/0.3466 = 46.2. Na mkia usiuguse, hukuupima.

Mfamasia_Uyole:
Fomula ni sahihi, ila hapo kwenye mkia hapana, mkuu. Hiyo C0/k inahesabu tangu sindano hadi dawa yote iishe mwilini, maana yake mkia umo ndani tayari. Ukiutoa unabaki na 43.3, ndilo eneo halisi la saa 0 hadi 8.

Sasa dogo, mkia wako hauna shida: 1/0.3466 = 2.9. Kilichozidi ni trapeza zenyewe. Umeunganisha pointi mbili kwa mstari ulionyooka, wakati mkunjo halisi umelegea chini yake kama kamba ya kuanikia nguo. Kila kipande kimebeba eneo ambalo halipo. Ile 45 yako ilionekana karibu na jibu kwa bahati tu: trapeza zilizidisha 1.7, kuacha mkia kukapunguza 2.9, makosa mawili yakafichana.

Sehemu inayoshuka, kata kila kipande kwa logi:

```
(C1 - C2) * muda / ln(C1/C2)
```

Kipande cha kwanza: 8 × 2 / 0.693 = 23.1, si 24. Vingine ni 11.5, 5.8 na 2.9. Jumla 43.3, weka mkia 2.9, unafika 46.2 bila kubishana na mtu. Ungepima saa 0, 4 na 8 pekee, trapeza za kawaida zingekupa 50 mahali pa 43.3.

Kwenye kalkuleta bonyeza `ln`, siyo `log`. Ukichora kwa `log` mteremko ni 0.1505, na usipouzidisha kwa 2.303 mkia unakuwa 6.6. Utajua umekosea kwa kurudisha nusu-uhai: 0.693/0.1505 ni saa 4.6, na vipimo vyako vinapungua nusu kila saa 2.

Mama_Kihesa (Iringa):
Samahanini wataalamu. Baba yangu anachomwa jentamaisini na figo zake si nzuri. Kwa hiyo ikifika 46 ndiyo inakuwa sumu?

Mfamasia_Uyole:
Pole sana dada. Hapana, 46 ni jibu la zoezi hili, siyo mpaka wa sumu. Ila swali lako lina maana. AUC ni dozi kugawa kwa kasi ya mwili kusafisha dawa. Hapa ni lita 5.2 kwa saa. Kasi hiyo ikishuka nusu, miligramu 240 zilezile zinatoa 92. Na kipimo cha mwanzo kitabaki 16 uleule, hakitakuonya. Tofauti inaonekana kwenye vipimo vya baadaye, maana nusu-uhai umekuwa saa 4. Muulize daktari wake leo kama kreatinini, kipimo cha damu cha kuangalia figo, inafuatiliwa, na kama kiwango cha dawa kinapimwa kabla ya dozi inayofuata.

Maabara_Tukuyu:
Naongeza la wodini. Mmoja anaandika "saa 2" akimaanisha asubuhi, mwingine 08:00, wa tatu anaingiza 2 kwenye jedwali. Pointi moja ikihama, k yote inapinda. Andikeni muda tangu sindano.

Na hiyo C0/k msiipeleke kwenye vidonge. Huko mkunjo unapanda kwanza, kwa hiyo trapeza za kawaida kwenye kupanda, za logi kwenye kushuka.

Msomaji_Iyunga:
Ndaga, nimeelewa. La mwisho: kipimo cha mwisho kikiwa hakijakaa kwenye mstari, tuseme 1.3 badala ya 1, mkia nigawe kipi?

Kalkuleta_Mafinga:
Kilichopimwa. 1.3/k.

Mfamasia_Uyole:
Mimi ningechukua cha kwenye mstari. Pointi moja ya chini kabisa, ambako mashine ya maabara inayumba, isibebe mkia mzima. Wapo wanaotumia kilichopimwa, na hawajakosea. Chagua kimoja, ukiandike kwenye ripoti, na usibadilishe kwa mgonjwa mwingine.