Familia ya Ipagala: Neema na Yusto wamekwama Kondoa

Neema, saa 3:05 asubuhi: Shikamooni. Basi limetufia Kondoa. Fani belti imekatika, injini imechemka. Ratiba ya Yusto ilikuwa Babati saa 5, geti la Tarangire saa 7.

Shangazi Eliza: Marahaba. Poleni wanangu. Belti si kitu, mtafika tu.

Mjomba Masima: Belti kweli ni kazi ndogo. Lakini Yusto, mwombe fundi akuonyeshe oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, gasketi imekufa. Hapo basi hilo haliondoki leo.

Yusto: Chai ya maziwa kabisa, Mjomba. Dereva wa Babati nimemsogeza hadi kesho.

Mjomba Masima: Basi msikae stendi. Pandeni gari la kwenda Babati, mshuke Kolo, mkaone michoro ya kale ya miambani. Ofisi ya Mambo ya Kale iko pale pale. Lipeni kiingilio, mdai risiti, mpewe mwongozaji. Kisha bodaboda kama kilomita 9 hadi chini ya mlima, juu ni kwa miguu. Bodaboda awasubiri, na hela ya kurudi mbaki nayo nyie. Maji lita mbili kila mtu.

Baraka: Si ndiko kwenye mvinyo? Nileteeni chupa mbili.

Shangazi Eliza: Mvinyo uko huku Dodoma, we Baraka! Kule ni michoro ya damu kwenye miamba. Ukiimwagia maji inang'aa.

Mjomba Masima: Dada, maji hapana! Inang'aa dakika chache, ndiyo maana watu walizoea. Yakikauka yanaacha chumvi, rangi inabanduka. Na ule wekundu ni udongo wenye chuma. Yusto, piga picha bila flashi, kisha ongeza rangi kwenye simu. Vitatokea usivyoviona kwa macho.

Yusto, saa 9:20 alasiri: Kweli vimetokea! Watu watano wembamba, wa katikati ameshikwa mikono pande zote mbili.

Shangazi Eliza: Anatekwa huyo.

Mjomba Masima: Wapo wanaosema hivyo. Wengine wanasema ni ngoma ya tiba, kapandwa na pepo, wenzake wanamshika. Na michoro myeupe, minene, mmeiona?

Neema: Imepita juu ya myekundu.

Mjomba Masima: Basi ndiyo ya baadaye, ya wakulima, walipaka kwa kidole. Warangi bado wanaomba mvua hapo, mkikuta kitu chini msiguse.

Neema: Yusto kalala chali chini ya mwamba, anahesabu mistari ya nywele. Anasema safari nzima hakuna siku iliyofikia hii. Mwongozaji anasema kuna pango jingine karibu, twende?

Mjomba Masima: Nendeni, ila saa 11 muwe barabarani. Jioni magari ya kurudi Kondoa ni ya kubahatisha.

Neema, saa 11:25: Ndo tunashuka. Yusto anauliza dereva wa Babati asogezwe tena.

Shangazi Eliza: Mpigieni sasa hivi, asije akajaza mafuta bure.