Naomba ushauri: je, mipaka miwili lazima iwe mahali pamoja?

Wanajamvi, naomba mnisaidie katika uthibitisho kwamba mashine ya Turing yenye utepe mmoja huhitaji muda wa n² kutambua palindromu.

Nimechukua maneno ya umbo x0ⁿxᴿ, ambapo x ina herufi n za 0 na 1, na xᴿ ni x iliyogeuzwa. Katika kila mpaka kati ya visanduku vya sifuri za katikati naandika hali ya mashine kila kichwa kinapovuka. Huo ndio mfuatano wa mivuko. Kwa kila x nauchagua ulio mfupi kuliko yote. Ikiwa hakuna uliochaguliwa unaozidi urefu k, na mashine ina hali q, mifuatano haizidi (q+1)ᵏ, ilhali maneno ni 2ⁿ. Kwa hiyo k ≥ n/log₂(q+1) kwa x fulani, na mipaka yake yote n−1 hulipa gharama hiyo.

Kinachonitatiza ni pale x na y zisizo sawa zinapogongana, yaani zinapokuwa na mfuatano uleule, kwenye mipaka tofauti. Mwalimu wangu alisisitiza mpaka uwe mmoja, lakini nikiunganisha kushoto kwa x na kulia kwa y napata x0ᵐyᴿ, ambalo si palindromu hata m ikibadilika, na mashine bado italikubali. Je, sharti hilo linahitajika kweli, au kuna kosa nisiloliona?