Slaidi 41 kwa dakika 20, nikate wapi? Difensi ya masta wiki ijayo

dogo_tesisi:
Wakuu habari zenu. Nina difensi ya masta wiki ijayo, nimepewa dakika 20 za kuongea halafu maswali. Slaidi zangu ziko 41 na jana nimejaribu kuongea mwenyewe chumbani nikafika dakika 38 na bado sijagusa mapungufu. Utafiti wangu ni matumizi ya simu kitandani na ubora wa usingizi kwa wanafunzi wa chuo. Malengo matatu: kupima usingizi wao ukoje, kuangalia kama unahusiana na muda wa simu kitandani, na kwa usaili wa watu 12 kujua kwa nini hawaiweki chini. Dodoso lilikuwa la mtandaoni, nililenga watu 384, wakajibu 312. Kwa sasa utangulizi na maandiko ni slaidi 14, mbinu 9, matokeo 13, mapungufu 1, zilizobaki ni jina, malengo, hitimisho na shukrani. Nikate wapi jamani? Kila nikigusa naona hii nayo ni muhimu.

baharia_kavu:
Pole mkuu. Mimi kwenye ya kwangu mwenyekiti wa jopo alisema "una dakika tano" nikiwa slaidi ya 9, bado niko kwenye nani alisema nini mwaka gani. Matokeo nimeyapitisha mbio kama mtu anafukuzwa na mbwa, na maswali yote yakaja hukohuko kwenye matokeo kwa sababu hawakuyaelewa. Kata maandiko bila huruma.

KibogoyoMsomi:
Weka bajeti nzuri na ratiba ya shughuli, hivyo wanavipenda sana, na eleza data utakusanyaje.

dogo_tesisi:
@KibogoyoMsomi hiyo ni ya pendekezo mkuu, mimi data nilishakusanya, hii ni ya mwisho.

KibogoyoMsomi:
Aah sawa, nimesoma haraka.

Mama_Takwimu:
Nimekaa kwenye majopo haya miaka kadhaa, nikwambie tunavyosikiliza. Tasnifu tumeshaisoma, au angalau tumeipitia na kuwekea alama tunapotaka kukubana. Kwa hiyo slaidi 14 za utangulizi ni kutusimulia tunachokijua. Mbili zinatosha, moja ya tatizo na moja ya pengo, yaani waliokutangulia waliishia wapi wewe ukaanzia hapo. Kisha malengo slaidi moja, na hiyo ndiyo uti wa mgongo wa kila kitu. Mbinu 3, matokeo 6, maana ya matokeo 2, mapungufu 1, hitimisho 1, na ya jina jumla 17. Kati ya dakika zako 20 matokeo yapate kama 8, ukimaliza na dakika moja mkononi hakuna atakayekulaumu.

Sasa matokeo. Usiyapange kwa mpangilio wa majedwali ya sura ya nne, yapange kwa malengo, slaidi mbili kila lengo, na namba ya lengo ikae kwenye kona ili nisijiulize hili linajibu nini. Na kichwa cha slaidi kisiwe "Jedwali 4.7", kiwe jibu lenyewe. Hebu weka hapa namba zako za lengo la pili.

dogo_tesisi:
Shikamoo mama. Kati ya 312, walioshika simu zaidi ya saa moja kitandani ni 170, na kati yao 124 wana usingizi mbovu (alama za PSQI zaidi ya 5). Waliobaki ni 142, wenye usingizi mbovu 74. Odi resho 2.5. Nimeandika "wanaotumia simu wako kwenye hatari mara 2.5 zaidi ya kulala vibaya".

Mama_Takwimu:
Marahaba. Hapo ndipo utakapochinjwa, afadhali tumeona mapema. 124 kwa 170 ni 73%, 74 kwa 142 ni 52%. Gawanya 73 kwa 52 unapata 1.4, si 2.5. Odi resho yako haina kosa, kosa ni kuisoma kama hatari. Zingekuwa kesi adimu namba hizo mbili zingekaribiana, lakini kwako karibu theluthi mbili ya watu wote wanalala vibaya kwa hiyo odi inavimba. Kwenye slaidi weka nguzo mbili tu, 73 na 52, kichwa kiseme "Wanaoshika simu zaidi ya saa moja: 73% hulala vibaya, wengine 52%". Odi resho andika chini kwa maandishi madogo, na jedwali lote la regresheni lipeleke kwenye slaidi za akiba baada ya ile ya asante, wakiuliza unaruka huko.

Na ufute "inasababisha" popote ilipo. Umewauliza mara moja tu, huwezi kujua kama simu ndiyo inaondoa usingizi au mtu amekosa usingizi ndio akachukua simu.

fundi_slaidi:
Naongezea, slaidi za akiba ziwekee namba, na kwenye pauapointi ukiwa unaonyesha andika namba ya slaidi ubonyeze Enter inaruka moja kwa moja, sio kurudi nyuma kimoja kimoja watu wanaangalia. Kuhusu mapungufu mimi ningesema machache tu, "muda na bajeti vilikuwa finyu" inatosha, ukijianika sana unawapa kamba ya kukunyongea.

Mama_Takwimu:
@fundi_slaidi hilo la Enter ni zuri, chukua. La mapungufu nakubali nusu: machache ndiyo, lakini muda na bajeti ni mapungufu ya kila mtu, hayaniambii kitu kuhusu namba hizi. Dogo, dodoso ulilisambazaje?

dogo_tesisi:
Linki kwenye makundi ya wasapu ya madarasa.

Mama_Takwimu:
Basi umewasaka kwa simu watu ambao unapima wanavyotumia simu. Asiyegusa simu sana ana nafasi ndogo ya kuwa kwenye wale 312, kwa hiyo hao 170 wa zaidi ya saa moja pengine ni wengi kuliko uhalisia. Hilo linaharibu idadi ya watumiaji zaidi kuliko linavyoharibu tofauti ya 73 na 52, ingawa nayo siwezi kuiapia. Slaidi ya mapungufu iandike hivyo, pungufu gani, linagusa lengo la ngapi, linasukuma namba upande gani. Matatu tu. Na 384 ile imetokana na fomula inayodhani umechagua watu kwa bahati nasibu, ambacho hukufanya, ujiandae kuulizwa.

mwalimu_wa_jioni:
Mimi natofautiana kidogo na mama, lengo la tatu ni la usaili, mbinu zake ukizisema mwanzoni na zile za dodoso watu watakuwa wamesahau wakifika huko. Afadhali mbinu ya usaili ikae palepale kabla ya matokeo yake.

Mama_Takwimu:
Inawezekana, nimeona zikienda vizuri zote mbili. Mtahini wa nje wa kizamani atatafuta mbinu sehemu moja, asipoziona ananuna.

dogo_tesisi:
Asanteni sana. Nimeshuka hadi 19. Halafu nimeangalia kwenye simu, linki ile niliituma saa tano usiku 🤦 na wengi walijibu usiku uleule. Hii nayo naiweka kwenye mapungufu au ninyamaze?

baharia_kavu:
😂😂 nyamaza

Mama_Takwimu:
Weka. Muda wa majibu uko kwenye faili la data, na kuna mjumbe atalifungua.