Steki nene kwenye flampeni ya chuma: nje kijivu, ndani mbichi, nakosea wapi?

KijanaWaChemchem

Wakuu habari za jioni. Niko Tabora mjini. Mjomba wangu alihamishwa kikazi akaniachia flampeni moja nyeusi nzito ya chuma, ile ukiinyanyua kwa mkono mmoja kiwiko kinalia. Nikasema sasa na mimi nitapika steki nene zile za hotelini zenye gamba la kahawia nje na upinki kwa mbali ndani.

Jana nimeenda buchani saa moja asubuhi nikamwambia nipe steki kilo moja usikatekate, akanipa mapande mawili unene kama vidole viwili vilivyolazwa, sentimita 4 hivi. Nikapaka chumvi, tangawizi na kitunguu saumu cha kutwanga, nikaacha robo saa. Flampeni nikaweka kwenye gesi moto mdogo dakika 2, nikamimina alizeti ya Singida ile ya chupa za barabarani, nikaweka mapande yote mawili. Badala ya kuchacharika yakaanza kutoa maji kama mboga ya majani. Nikapandisha moto mpaka mwisho, moshi ukajaa nyumba, jirani akagonga mlango anauliza kuna nini. Nikakaa dakika 8 kila upande, nikatoa nikakata hapo hapo, damu ikamwagika sahani nzima, nje kijivu na vitunguu vimeungua vimekuwa vichungu, na kutafuna ni kama kandambili.

Nielekezeni moto uwe kiasi gani, dakika ngapi kila upande, na ikitoka inakaa muda gani kabla ya kukata.

MwishoWaReli

Kijana hapo kosa ni moto mdogo. Sisi huku Kigoma unawasha jiko la mkaa likiwaka vizuri, flampeni unaiacha mpaka ukidondoshea maji yanarukaruka, unaweka mawese kidogo, unatupia nyama. Moto mkali unaziba vile vitundu vya nyama maji hayatoki tena. Dakika 2 huku dakika 2 huku unakula.

MamaNasra

Mwanangu steki ya ng'ombe wa huku unaikaangaje mbichi?? Chemsha kwanza na tangawizi na limao saa nzima, ikilainika ndio uikaange na vitunguu na nyanya na hoho. Utakula na wali mpaka ujisahau.

KijanaWaChemchem

Mama shikamoo. Hiyo ya rosti naijua, mama yangu anaipika vizuri sana. Hapa nataka pande zima lisilochemshwa.

MamaNasra

Marahaba. Haya endelea kupigana na jiwe.

MpishiWaZamu

Nimesimama kwenye jiko la hoteli miaka 11, sasa nina kibanda changu hapa Tabora. Nianze na nyama maana flampeni yako haina kosa lolote.

Buchani kwetu neno steki maana yake mnofu usio na mfupa tu. Ukisema steki unakatiwa popote, na mara nyingi ni paja, na paja la ng'ombe aliyetembea kutafuta maji kiangazi kizima halilainiki kwa dakika 10 za kukaanga hata ulipikie kwenye dhahabu, hilo ni la Mama Nasra kabisa. Mwambie muuza nyama akukatie mgongoni, upande wa juu karibu na mbavu, au fileti ile ya ndani, chini ya uti wa mgongo, ukiweza bei yake. Na akate kukinzana na nyuzi za nyama, maana hapo tu ugumu unapungua sana.

La pili, umenunua saa moja asubuhi. Ng'ombe huyo kachinjwa usiku. Nyama ya saa chache baada ya kuchinjwa imekakamaa, misuli imejifunga, na ukiikaanga ikiwa hivyo ndio hiyo kandambili. Iweke kwenye friji siku 3 mpaka 5, juu ya waya au vijiti ili hewa ipite chini, bila kufunika, na mbali na mboga zingine. Italainika yenyewe na ngozi ya nje itakauka, na ukavu huo ndio tunautaka. Ila friji iwe ya baridi kweli. Kama kwenu umeme unakatika masaa sita usithubutu, ikae siku moja tu upike.

Sasa maji uliyoyaona. Chumvi ya robo saa ndio wakati mbaya kuliko wote, kwa sababu imeshavuta maji juu ya nyama lakini hayajapata muda wa kurudi ndani. Paka chumvi kavu peke yake usiku wa kuamkia siku ya kupika na uirudishe kwenye friji, au angalau dakika 45 kabla, au dakika ile ile unayoweka kwenye moto. Katikati hapo hapana. Halafu ikaushe kwa kitambaa safi mpaka kitambaa kisishike unyevu. Nyama yenye maji juu haiwezi kuzidi joto la maji yanayochemka mpaka maji yaishe, na rangi ya kahawia inahitaji zaidi ya hapo, kama digrii 140 na kwenda juu. Kwa hiyo wewe ulikuwa unaichemsha kwenye mafuta. Tangawizi na kitunguu acha kabisa, vinaungua kabla nyama haijashika rangi. Ukipenda harufu ya kitunguu saumu, tupia punje 2 nzima na kijiko cha siagi dakika ya mwisho.

Ndugu wa Kigoma yuko sahihi kwenye moto, ila hakuna vitundu vinavyozibwa. Angalia sahani ya steki yoyote iliyotulia, chini utakuta maji. Kama ilizibwa yametoka wapi? Gamba ni la ladha tu. Na mawese mekundu yasiyosafishwa yanatoa moshi mapema na ladha yake inameza nyama. Hata hiyo alizeti ya kukamua ya Singida haijasafishwa, ndio iliyomleta jirani mlangoni. Tumia alizeti ya dukani iliyosafishwa, kijiko kimoja, paka kwenye nyama badala ya kumwaga.

KijanaWaChemchem

Aisee mkuu, kumbe nilifanya makosa yote kwa siku moja. Sasa dakika?

MpishiWaZamu

Flampeni ya chuma inapata joto polepole lakini ikishapata inalishika. Weka kwenye plate kubwa ya gesi, moto juu kidogo ya wa kati, dakika 7 au 8, tupu bila mafuta, na uizungushe kidogo maana katikati inawahi kuliko pembeni. Ukidondosha maji yakijikusanya kama gololi na kukimbia badala ya kukauka hapo hapo, iko tayari. Kwa mkaa subiri makaa yote yawe na majivu meupe, moshi wa mwanzo uishe.

Pande la sentimita 4, MOJA kwa wakati. Mawili yanapoza flampeni na mvuke unakosa pa kutokea. Liweke, usiliguse dakika 2. Sauti iwe ya kuchacharika kwa nguvu, ikinyamaza moto umeshuka. Ligeuze, dakika 2 nyingine. Rangi imeshapatikana, sasa punguza moto uwe wa kati (kwa mkaa toa makaa machache kwa koleo) na kuanzia hapo geuza kila dakika moja. Watu wanaogopa kugeuzageuza, lakini kunasaidia joto liingie sawasawa, na bila hivyo unapata tabaka nene la kijivu nje na ubichi katikati kama wako. Kwa jumla dakika 9 au 10 ndani itakuwa pinki ya uvuguvugu. Kama kuna ukingo wa mafuta lisimamishe kwa koleo dakika 1.

Huna kipimajoto? Chukua mshikaki mwembamba wa chuma, uchome kutokea ubavuni mpaka katikati, hesabu kumi, toa uguse chini ya mdomo. Ukiwa wa baridi, bado. Ukiwa na uvuguvugu unaozidi wa mwili lakini hauunguzi, toa nyama. Ukikuunguza umeshachelewa. Mwenye kipimajoto atoe kwenye 52 au 53.

Kisha itulie dakika 8, juu ya waya au uma mbili kwenye sahani, sio kwenye sahani tupu maana gamba la chini linalowa. Usiifunike gubigubi. Joto la nje linaendelea kuingia ndani, inapanda digrii 3 au 4 hivi, na maji yake yanazidi kuwa mazito hayamwagiki ukikata.

DaktariMifugoMstaafu

Naomba niingilie, kuna kitu kimerukwa. Tegu wa ng'ombe bado yupo. Nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi usiile ya pinki, hakuna ufundi wa flampeni unaosaidia hapo. Na mimi hata yenye muhuri nasema ifike 63 katikati kisha itulie dakika 3, hasa kwa watoto, wajawazito na wazee.

MpishiWaZamu

Mzee heshima kwako, kuhusu muhuri nakubali kabisa na kwa watu uliowataja pia. Ila 63 kwenye nyama ya mgongo ya ng'ombe wetu asiye na mafuta, unakula mbao. Mimi nyumbani nakula 55, ya wateja naivisha kama wanavyotaka.

DaktariMifugoMstaafu

Mbao unatafuna, tegu unaishi naye. Kila mtu na nyumba yake.

Kitete_B

Samahani natoka nje ya mada kidogo, yangu ya chuma imeshika kutu baada ya dada wa kazi kuilowekea ugali usiku. Nitupe?

MwishoWaReli

Usitupe. Sugua na stilwaya mpaka kutu iishe, osha, kausha juu ya moto, paka mafuta kidogo SANA uyafute kama umekosea kuyapaka, iache kwenye moto mpaka iache kutoa moshi. Rudia mara tatu nne. Ukipaka mengi inanata kama ulimbo, mimi yangu iliniponza hivyo.

KijanaWaChemchem

Mrejesho wakuu. Muuza nyama nilimwambia mgongoni akacheka kwanza akaniuliza nafungua hoteli, ila akakata, na muhuri nimeuona. Imekaa friji siku 3 (umeme ulikatika mara moja kama saa moja na nusu, sikufungua mlango). Chumvi usiku. Dakika 8 flampeni tupu, maji yakakimbia kama gololi kweli. Mbili, mbili, nikashusha moto, nikageuza kila dakika. Kwenye dakika ya 9 mshikaki ulikuwa vuguvugu lakini maneno ya daktari yakanikaa kichwani nikaongeza dakika 2. Imetulia dakika 8 kwenye uma.

Gamba safi sana wakuu, kahawia mpaka pembeni, na sahani ilikuwa na kijiko kimoja tu cha maji. Ndani pinki ilibaki mstari mwembamba. Ulaini sio wa hotelini bado, kuna kamba moja ilinipigisha taya, lakini kandambili hapana. Jirani hakugonga.

Kilichonishinda ni pande la pili, flampeni ilikuwa na masizi ya la kwanza likawahi kuwa jeusi.

MpishiWaZamu

Hiyo kamba ni ule mshipa mweupe pembeni, ukate kwa kisu kabla. Na kabla ya pande la pili futa flampeni na karatasi au kitambaa kilichoshikwa na koleo, rudisha kwenye moto dakika 2, ndio uweke.

MamaNasra

Na mimi nimeuliza buchani leo ya mgongoni. Bei yake nimerudi na paja langu.