Kadi ya Yusufu na Neema (kikundi cha majirani, Barabara ya 12, Ngamiani)

Mama Salma: Asalaam alaykum, na habari za jioni wote. Ndoa imeshafungwa bomani, karamu ni Jumamosi. Masufuria ya zawadi tumeshanunua, imebaki kadi. Emsii ataisoma kwa sauti mbele ya wazee wa pande zote mbili, kwa hiyo naomba muyatazame maneno kabla sijapeleka stesheneri:

"Kwa Yusufu na Neema. Baaraka Llahu laka, wa baaraka alayka, wa jamaa baynakumaa fii khayr. Watu wako watakuwa watu wangu, na Mungu wako atakuwa Mungu wangu. Amina."

Baba Godi: Mchango nilimaliza tangu mwezi uliopita, kadi yangu sijaiona. Ni singo au dabo?

Mama Salma: Hiyo ya mwaliko ipo kwa mweka hazina, Baba Godi, na ni dabo. Hapa tunazungumzia ya pongezi.

Baba Godi: Aa, sawa. Mama Godi atapita kuichukua.

Maalim Shee: Mama Salma, dua hiyo ndiyo yenyewe, Mtume aliwaombea nayo waliooa, imo kwa Abu Daudi na kwa Tirmidhi. Ila "laka" na "alayka" anaambiwa mwanamume mmoja. Kadi ni ya wawili, basi andika "lakumaa" na "alaykumaa", Neema naye awemo ndani ya dua. Na maana yake ifuate kwa Kiswahili, kwa sababu nusu ya ukumbi hawatajua wanaitikia nini.

Mwalimu Anna: Na ile ya Ruthu msiitoe jamani. Kwetu inasomwa sana harusini, ni maneno ya mke kwa mumewe.

Mzee Kihiyo: Si kwa mumewe, mwanangu. Mume wa Ruthu alikuwa ameshafariki. Anayeambiwa ni mama mkwe, Naomi, wakiwa njiani kurudi Bethlehemu. Na hapo Ruthu Mmoabu anaiacha miungu ya kwao na kumfuata Mungu wa mkwewe. Sasa baba yake Neema ameshuka kutoka Lushoto, Mlutheri wa kuzaliwa, anasikia maneno hayo kwenye spika. Ataelewa binti yake amebadili dini, wakati wenyewe walikubaliana kila mmoja abaki na yake.

Mama Salma: Subhanallah. Mimi niliposoma "Mungu wako" nikaona ni kuheshimiana.

Bi Mwanahawa: Mpwa wangu kule Pangani aliletewa kadi imeandikwa "kwa damu ya Yesu". Aliyeandika alikuwa na nia safi kabisa. Mama mkwe akaigeuza kifudifudi mezani, na mtoto akaona. Uso wake siku ile sijausahau.

Mwalimu Anna: Pole bibi. Basi mzee tupe nyingine.

Mzee Kihiyo: Hesabu 6, kuanzia mstari wa 24. "Bwana akubarikie, na kukulinda", mpaka kwenye "kukupa amani". Mchungaji hutuaga nayo mwisho wa ibada, watu wa Lushoto wataitambua kwa neno la kwanza.

Bi Mwanahawa: Hapo "Bwana" ni nani? Dada zangu watafikiri ni Yesu.

Mzee Kihiyo: Ni Mungu wa Ibrahimu, Bi Mwanahawa, ila nakuelewa. Tuseme "Mwenyezi Mungu". Na kwa kuwa tumegusa maneno, tusiweke namba ya mstari, isionekane tumenukuu.

Maalim Shee: Hiyo naiitikia bila shaka yoyote.

Mwalimu Anna: Na "alichokiunganisha Mungu, mwanadamu asikitenganishe"? Yesu aliyasema hayo kwa ajili ya ndoa hasa.

Maalim Shee: Kuombea wadumu tunaomba sote. Lakini kwetu talaka ipo, ingawa haipendezi, na wazee wangu watalisikia kama sharti analowekewa Yusufu siku ya harusi yake.

Mwalimu Anna: Kwetu ndio moyo wa ndoa, Maalim. Bila hilo naona upande wa Neema umepungukiwa.

Mama Salma: Hilo nitamuuliza Neema mwenyewe kesho asubuhi. Kwa sasa iko hivi:

"Kwa Yusufu na Neema. Baaraka Llahu lakumaa, wa baaraka alaykumaa, wa jamaa baynakumaa fii khayr. Mungu awabariki, awashushie baraka zake, awaunganishe katika kheri. Mwenyezi Mungu awalinde, awaangazie nuru ya uso wake, awafadhili na kuwapa amani. Majirani zenu."

Mzee Kihiyo: "Amina" umeitoa?

Mama Salma: Wengine tunasema Amin, wengine Amina. Emsii akimaliza kusoma, kila mtu aitikie ya kwao.

Bi Mwanahawa: Amin.

Mzee Kihiyo: Amina.

Baba Godi: Mama Godi kaipata kadi. Imeandikwa singo.