Naomba ushauri: mdogo wangu ameitwa parke juu ya posti ya Facebook

Bandugu, niko Lubumbashi, Katuba. Mdogo wangu aliandika kwa Facebook kama shefu moja wa kartie alikusanya franka 5 000 kila nyumba juu ya kutengeneza kabini ya umeme na mpaka leo tuko mu giza, akataja na jina. Sasa konvokasio imeletwa, anashitakiwa kuharibu jina la mtu.

Avoka anasema hapa kuna njia mbili. Kifungu 74 cha kodi penali: ukimtupia mtu hadharani na kwa nia mbaya tendo fulani la kumvunjia heshima, ni siku 8 mpaka mwaka 1, na pale ukweli peke yake haukuokoe, hata risiti ukiwa nayo. Hiyo ndiyo inaniuma sana, maana maskini atasema nini tena? Ingine ni kifungu 360 cha Kodi ya Nimeriki ya 2023, mwezi 1 mpaka 6, ila ile inataka habari ikuwe ya uongo. Mwandishi Stanis Bujakera alishikwa Septemba 2023, kodi hiyo ikiwa mu mashtaka yake, akatoka Machi 2024, ndiyo maana mama halale.

Majirani bako na risiti zenye sinyatiri. Tuzipeleke kuonyesha hakukuwa nia mbaya, ao avoka aongee kwanza? Na posti aifute ao ataonekana anaficha? Mwenye alishapita humo anisaidie, anaingia parke siku ya ine.